Yai la ndugu mdogo lilikuwa mali ya nani?

Swali: Darasani tuliambiwa kwamba Wafransisko na Wadominiko walizuka kama jibu kwa utajiri wa Kanisa la karne za kati. Hapo ndipo ninapokwama. Wamonaki si walikuwa wameshaweka nadhiri ya ufukara mamia ya miaka kabla yao? Jipya lilikuwa nini? Na kama Wafransisko kweli hawakumiliki kitu, yale makanisa yao makubwa, kama lile la Asizi, yalikuwa ya nani? (Msomaji, Bukoba)

Jibu: Mmonaki alikuwa fukara, lakini monasteri yake haikuwa fukara. Kanuni ya Benedikto ilimkataza mtawa kuwa na chochote cha kwake, hata kalamu ya kuandikia, ila haikuikataza nyumba nzima kuwa na mashamba, vinu vya kusagia nafaka, misitu, mabwawa ya samaki na wakulima wa kuvitumikia vyote hivyo. Kijana wa ukoo mkubwa akiingia utawani, aghalabu kipande cha ardhi kiliingia pamoja naye. Mwenye dhambi nzito akikaribia kufa, aliwaachia watawa shamba ili wamwombee. Na monasteri haifi. Haina warithi wa kugawana urithi, haina mabinti wa kuozwa na kupewa mali ya kwenda nayo kwa mume, haina mwana mpotevu wa kuuza kiwanja cha baba. Inapokea tu. Miaka mia mbili ya kupokea bila kugawa ikipita, watu waliokula nadhiri ya ufukara wanajikuta wenye ardhi wakubwa kuliko wote wilayani, na wala hakuna hata mmoja wao aliyevunja nadhiri.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Cluny, monasteri iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 910 kwa nia njema kabisa ya kurudisha maisha safi ya kitawa. Mwaka 1098 wengine wakajitenga na mtindo huo wakaenda kuishi porini huko Citeaux. Hao ndio mababu wa Watrapisti tunaowajua leo. Walikataa zaka, walikataa wakulima wa kuwatumikia, wakasema watalima kwa mikono yao. Wakalima vizuri mno. Huko Uingereza walifuga kondoo kwenye ardhi ambazo wengine waliziona hazifai kitu, na mwaka 1193, mfalme Richard alipokuwa ametekwa akirudi kutoka vita vya msalaba na ufalme ukadaiwa fidia kubwa, moja ya vitu vya kwanza vilivyochukuliwa kuilipa ilikuwa sufu ya mwaka mzima ya wamonaki hao. Waliokimbilia porini kuukwepa utajiri walikuwa wamegeuka hazina ya kumkomboa mfalme.

Wakati huohuo miji ya Italia na kusini mwa Ufaransa ilikuwa ikijaa watu na sarafu. Watu hao walikuwa na swali walilouliza waziwazi: mitume walitembea kwa miguu bila mkoba, mbona askofu wetu anatembea na farasi thelathini? Waldo, tajiri wa Lyon, aligawa mali yake miaka ya 1170 akaanza kuhubiri, na wafuasi wake walihukumiwa kuwa wazushi mwaka 1184 kwa sababu walihubiri bila ruhusa. Wakatari, kundi lingine lililohesabiwa kuwa la wazushi, nao walipata wasikilizaji kwa sababu viongozi wao walikula kidogo na kumiliki kidogo. Mwaka 1206 askofu Diego wa Osma na padre wake Dominiko walipita Montpellier wakawakuta wajumbe wa Papa, wamonaki wa Citeaux, waliokata tamaa kabisa: kila wakihubiri dhidi ya Wakatari, watu waliwaonyesha kidole wao na mapadre wa Kanisa lao. Ushauri wa Diego ulikuwa mfupi. Rudisheni farasi na watumishi, nendeni kwa miguu, bila dhahabu wala fedha. Kwake ulikuwa ushauri wa mbinu: asiyefanana na mitume hawezi kuwashinda wanaofanana nao. Shirika la Dominiko lilizaliwa katika mbinu hiyo, likathibitishwa mwaka 1216, na mwaka 1220 mkutano wao wa Bologna ukaamua kuachana na mapato ya kudumu.

Fransisko alifika palepale kwa njia nyingine, naye ndiye ninayetaka kukaa naye, kwa sababu aliusukuma ufukara hadi mahali ambapo sheria yenyewe ilianza kupasuka.

Alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa. Alijua bei na alijua hesabu. Ndiyo maana hakuogopa ardhi kama alivyoogopa sarafu. Wasimulizi wa kwanza wa maisha yake wanaeleza kwamba siku moja mtu aliacha sarafu kanisani kwa ndugu wadogo, jina alilowapa wafuasi wake, na ndugu mmoja akaishika tu kuitupa dirishani. Fransisko alimwamuru aiokote kwa mdomo na kwenda kuiweka juu ya mavi ya punda nje ya ua. Kanuni aliyoiandika, iliyothibitishwa na Papa Honori III tarehe 29 Novemba 1223, inasema mambo mawili ambayo hayakuwahi kuunganishwa hivyo katika shirika kubwa. La kwanza, ndugu wasipokee fedha kwa namna yoyote, si wenyewe, si kwa kupitia mtu mwingine. La pili, wasijimilikishe chochote, si nyumba, si kiwanja, si kitu kingine. Hapo katazo halimhusu mtu mmoja mmoja tu, linaligusa shirika lenyewe. Hilo ndilo jipya unaloliuliza. Mlango ambao utajiri ulipitia kuingia monasterini, yaani mali ya pamoja, ulifungwa.

Tuone maisha hayo yalivyokuwa kwa karibu. Tarehe 10 Septemba 1224 ndugu tisa wakiongozwa na Anyelo wa Pisa walishuka Dover, Uingereza. Hawakuwa na nauli, na waliowavusha bahari bure walikuwa wamonaki wa Fécamp, Wabenedikto wenye mali zao. (Sielewi kwa nini watu hupenda kuwachora wamonaki kama maadui wa ndugu hawa. Mara nyingi ndio waliowapa kiwanja cha kwanza.) Huko Canterbury walipewa chumba kidogo chini ya shule. Mchana walijifungia humo, na jioni watoto wakishaenda nyumbani walipanda darasani, wakawasha moto, wakabandika chungu cha machicha ya bia. Kinywaji kikiwa kizito mno walikiongeza maji, wakazungushiana kikombe.

London walihitaji mahali pa kulala, na hapo ndipo mambo ya sheria yanapoanza. Mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, John Iwyn, alinunua kiwanja karibu na lango la Newgate ili awape. Lakini awape vipi watu wasioweza kupokea? Mwaka 1225 alikiandikisha kwa jumuiya ya wenyeji wa jiji, ndugu wawe na matumizi tu, kwa ridhaa ya jiji lenyewe. Hati ikawa ya London, usingizi ukawa wa ndugu. Baadaye Iwyn mwenyewe alijiunga nao akawa bradha. Mpango huo ulifaa sana, maana jiji lingeweza kuwaondoa siku yoyote na wao wasingekuwa na la kudai mahakamani. Fransisko, nadhani, angeukubali.

Shida kubwa ilikuwa sarafu. Chukulia mjane wa mjini, mwaka 1235 hivi, anayetaka kuwavisha ndugu. Akiwa na kitambaa hakuna tatizo, anawapa. Lakini yeye ana sarafu tu. Kanuni inakataza hata kupokea kupitia mtu mwingine, kwa hiyo ndugu hawezi kumwambia, "Mpe jirani yangu anishikie." Papa Gregori IX, aliyekuwa rafiki na mlezi wa Fransisko kabla ya kuwa Papa, alitoa suluhisho katika hati yake ya Septemba 1230. Mjane ampe sarafu mtu fulani, ambaye ndugu wanaweza hata kumtaja kwa jina. Mtu huyo ahesabiwe kuwa mjumbe wa mjane, asiwe wa ndugu. Anakwenda dukani, analipa, kitambaa kinafika konventini. Fedha ikibaki, anaiweka kwa rafiki wa kiroho wa ndugu, nayo inaendelea kuwa fedha ya mjane mpaka itakapotumika. Ndugu wakiwa na shida wanakwenda kumweleza huyo rafiki. Hawamwagizi wala hawamdai hesabu.

Soma tena hatua hizo utaona ni za kweli kisheria, na utaona pia zinavyonuka. Kinachotenganisha mjumbe wa mjane na mweka hazina wa ndugu ni adabu tu. Katika mji mdogo wenye ndugu sita na marafiki waaminifu, adabu ilitosha. Katika konventi ya Paris yenye wanafunzi wengi wanaohitaji vitabu na karatasi za ngozi, yule rafiki wa kiroho aligeuka ofisi.

Hati hiyohiyo ilitamka kwamba wosia wa Fransisko hauwafungi ndugu kisheria. Katika wosia huo, ulioandikwa muda mfupi kabla hajafa Oktoba 1226, aliwakataza kabisa kuomba barua za upendeleo kutoka Roma na kuongeza maelezo juu ya kanuni yake. Ndugu walikuwa wamemwomba Papa vyote viwili, miaka minne tu baada ya mazishi.

Sasa kanisa la Asizi. Machi 1228 mwenyeji mmoja wa mji huo, Simone wa Pucciarello, alitoa kiwanja cha mteremkoni nje ya kuta kwa ajili ya kumzika Fransisko. Aliyepokea alikuwa ndugu Elia, ila hati inasema alipokea kwa niaba ya Papa Gregori. Julai mwaka huohuo Fransisko alitangazwa mtakatifu, na kesho yake Papa akaweka jiwe la msingi. Mwaka 1230 kanisa la chini lilikuwa tayari na mwili ukahamishiwa humo. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza: lilikuwa la Papa. Mwaka 1245 Inosenti IV aliufanya mpango huo kuwa wa jumla. Kila walichopewa ndugu popote duniani, kama mtoaji hakujibakizia umiliki, kilikuwa mali ya Roma. Miaka miwili baadaye aliwaruhusu kuweka mawakili wa kuuza, kununua na hata kushtaki kwa jina la Papa. Mwaka 1279 Nikola III aliukamilisha kwa hati ndefu iliyosema kwamba kuacha umiliki wote, wa binafsi na wa pamoja, ni jambo takatifu ambalo Kristo mwenyewe alilifundisha kwa mfano.

Ukishaondoa ugumu wa kumiliki lakini ukabakiza urahisi wa kutumia, vitu vinaanza kujaa. Hilo lilionekana kwanza kwa maparoko. Ndugu walihubiri vizuri, waliungamisha bila haraka, na watu wakataka kuzikwa kwao. Mazishi yalikuwa na sadaka, mishumaa na wosia, na paroko aliona kipato chake kinahama. Ugomvi ulikuwa mkali kiasi kwamba mwaka 1300 Bonifasi VIII aliagiza ndugu wampe paroko robo ya walichopata kwa mazishi na wosia. Robo ya kitu ambacho kanuni ilisema hawakipati!

Ukitaka kujua mambo yalikuwa yameharibika wapi, usiwasikilize maadui wao, angalia makatazo ya Klementi V ya mwaka 1312. Anawakataza ndugu kukubali kuandikwa warithi katika wosia. Anawakataza masanduku ya sadaka makanisani, mashamba ya mizabibu, maghala ya nafaka na pishi za divai pale ambapo wangeweza kuishi kwa kuomba, na majengo ya kupita kiasi. Hakuna Papa anayekataza jambo ambalo halitendeki.

Ghala ndilo linalonigusa zaidi katika orodha hiyo, kwa sababu linaonyesha tofauti ya kweli kati ya fukara na mwenye nacho. Mwenye ghala anajua atakula nini mwezi ujao. Aliyeomba mkate leo hajui. Kundi la ndugu waliojulikana kama Waspirituali walishikilia jambo hilo: haitoshi hati kuwa ya Papa, matumizi yenyewe yawe ya kifukara, na vazi liwe fupi na lenye viraka. Wakubwa wa shirika waliona wanavuruga utii. Mwaka 1317 Papa Yohane XXII, mwanasheria hodari aliyeishi Avignon, aliamua kwamba upana wa vazi na haja ya ghala vitaamuliwa na wakubwa, akaongeza kwamba ufukara ni jambo kubwa, uadilifu ni mkubwa zaidi, na utii ndio mkuu kuliko yote. Waliokataa walipelekwa kwenye baraza la uchunguzi wa imani. Tarehe 7 Mei 1318 wanne walichomwa moto Marseille. Tuhuma ilikuwa uzushi, ila ugomvi ulianzia kwenye nguo na nafaka.

Wakubwa wa shirika waliomuunga mkono Papa katika hilo hawakujua zamu yao inakuja. Tarehe 8 Desemba 1322 Yohane XXII aliugeukia mpango wenyewe. Ni nani mwenye akili timamu, aliuliza, atakayeamini kwamba mtangulizi wangu alikusudia kulibakizia Kanisa la Roma umiliki wa yai moja, au jibini, au kipande cha mkate ambacho ndugu amepewa? Nyumba unaweza kuitumia na ikabaki ya mwenyewe. Yai ukilitumia limekwisha. Mwenye haki ya kulimaliza kitu amebakiziwa nini kingine ili aitwe mwenye mali? Na kama ndugu hana haki yoyote juu ya yai analokula, basi anakula cha mtu bila haki. Zaidi ya hapo, alisema, umiliki huo wa Papa umekuwa mtupu: haukuwapunguzia ndugu tamaa, na kesi zao zimekuwa mzigo kwa Roma. Kuanzia siku hiyo Roma haitamiliki vitu vyao vipya. Mnapewa, mnatumia, ni vyenu.

Mimi si mpenzi wa Yohane XXII, lakini kwa hoja ya yai sioni alivyokosea kisheria. Jibu la ndugu, lililoandikwa vizuri zaidi na Wiliamu wa Ockham, lilikuwa kwamba mtu anaweza kutumia kitu kwa ruhusa tu, kama mgeni anavyokula mezani kwa mwenyeji. Mgeni hana haki ya kumshtaki mwenyeji akiondoa sahani, lakini anachokula hakuiba. Nalo ni jibu zuri. Ila linahitaji mwenyeji, na mwenyeji alikuwa ameshainuka mezani.

Mwaka uliofuata, Novemba 1323, Papa alitangaza kuwa ni uzushi kushikilia kwamba Kristo na mitume hawakuwa na kitu, si binafsi si kwa pamoja. Mkuu wa shirika, Mikaeli wa Cesena, pamoja na Ockham na wenzao walitoroka Avignon usiku mwezi Mei 1328 wakakimbilia kwa mfalme Ludwig wa Bavaria, adui wa Papa. Ndugu wengi zaidi hawakuwafuata, wakabaki na mali zao mpya.

Wadominiko hawakupasuka hivyo, na sababu ni ile ya Montpellier. Kwao ufukara ulikuwa chombo cha kuhubiria, na wakubwa waliweza kuulegeza pale ulipozuia kazi. Nyumba wanazoishi walizimiliki bila kujificha, walichokataa ni mapato ya kudumu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliruhusu mashirika ya ombaomba kumiliki mali zisizohamishika kwa pamoja, isipokuwa Wakapuchini na Waoservanti, matawi mawili ya Wafransisko yaliyozaliwa kutokana na kudai ufukara upya. Wakapuchini ndio haohao wenye konventi zao hapa kwetu Tanzania, na walipata kibali chao cha kwanza mwaka 1528 kwa kudai mambo yaleyale: vazi gumu, nyumba ndogo, kuomba chakula cha siku.

Kuhusu basilika ya Asizi, hati ya 1322 yenyewe iliyaacha makanisa, makazi, vitabu na vyombo vya ibada nje ya uamuzi huo, vikabaki mali ya Roma. Italia ilipoungana katika karne ya 19 serikali ilichukua mali za mashirika mengi ya kitawa, lakini makubaliano ya mwaka 1929 kati ya Italia na Papa yaliirudisha basilika hiyo mikononi mwa Papa. Ndugu Wakonventuali, tawi jingine la Wafransisko, wanaoihudumia leo wanaishi humo, wanasali humo, wanapokea mahujaji humo, na mwenye nyumba ni yuleyule ambaye ndugu Elia alimpokelea kiwanja mwaka 1228.